Kuunga boriti: bolti nyingi haziponyi kiungo kibovu

Swali: Natengeneza dari ya mbao ya kuhifadhia mazao. Chumba kina futi 12 kwa ndani, kwa hiyo nahitaji boriti za futi 13, mbao ya 2 kwa 8. Fundi ana vipande vya futi 7. Anasema ataviunga katikati: atachonga nusu kwa nusu kwa urefu wa futi 1, atie gundi nyeupe, kisha afunge bolti 6. Je, zitabeba magunia?

Jibu: Usipandishe gunia hata moja juu yake.

Bolti 6 ndizo zinazoniudhi zaidi. Viungo vibovu ninavyoitwa kuvitazama karibu vyote vimejaa bolti, na mwenye nyumba ameambiwa kwamba nguvu ya bolti inajumlishwa na ya gundi. Haijumlishwi. Gundi iliyokauka haisogei, lakini bolti imo ndani ya tundu lililoizidi unene kidogo, na haianzi kubeba mpaka mbao ziteleze. Zikiteleza, gundi imeshachanika. Kwa hiyo mzigo wote huanza kwa gundi peke yake, nayo ikishindwa hubaki bolti peke yake, tena ndani ya mbao iliyotobolewatobolewa. Bolti 2 za milimita 12 zikipangwa moja juu ya nyingine zinakula zaidi ya sehemu ya kumi ya kimo cha boriti yako. Zikisogea ukingoni, mbao inapasuka kufuata nyuzi.

Kinachoipa gundi kazi yake ni mshazari mrefu. Gundi hushika vizuri ubavu wa nyuzi, na hushika vibaya sana ncha zake zilizokatwa. Katika nusu kwa nusu ya fundi wako, mbao inapungua ghafla kwenye ncha tupu, na ufa huanzia hapo. Mshazari wa 1 kwa 12 hauna ngazi hiyo: kwa unene wa inchi 2 unakatwa inchi 24. Ukifanywa vizuri unakaribia tisa ya kumi ya nguvu ya mbao nzima.

Halafu hiyo katikati! Boriti iliyolalia kuta mbili hupindwa zaidi katikati. Achana na vipande vya futi 7. Nunua mbao ya futi 12, uiunge na kipande cha futi 3, zikipishana futi 2 unapata 13. Kila ncha ikilala ukutani nusu futi, kitovu cha kiungo kinakaa futi 1 na nusu kutoka ukutani, na kwa mzigo uliotandazwa sawasawa hapo mpindo haufiki hata nusu ya ule wa katikati.

Kukata si kugumu. Laza kipande kimoja juu ya kingine, cha juu kirudi nyuma inchi 24, kisha zipigie randa zote mbili pamoja mpaka ngazi iwe mteremko mmoja. Mbao ziwe kavu, unyevu usizidi asilimia 15 hivi, na pasiwe na kifundo kwenye mshazari. Gundi nyeupe ni ya makabati. Chini ya mzigo wa kudumu huteleza polepole, na unyevu huilegeza. Tumia epoksi. Paka kwanza ile nyepesi, iache inywewe dakika chache, ongeza, kisha paka iliyokolezwa na ubane kwa upole, maana ukiikamua yote unabaki na kiungo kikavu. Kabla ya kubana, funga pande zote mbili kwa ubao ulionyooka, la sivyo mteremko utateleza.

Bolti basi ziwe 3, za milimita 12, mstari mmoja katikati ya kimo, ambako nyuzi hazivutwi sana, kila moja inchi 6 kutoka mwenzake na kutoka ncha za mshazari, na washa pana pande zote. Kazi yake ni akiba. Epoksi ya kawaida hulainika joto likikaribia nyuzi 60, na chini ya bati jua kali linaweza kuikaribisha huko.

Siku hiyohiyo unga vipande viwili vya mabaki kwa gundi ileile. Vikikauka kabisa, vipasue kwa patasi penye kiungo. Mbao ikichanika, gundi ni nzima. Gundi ikiachia safi, mbao haikuguswa, usipandishe boriti.

Na wanaonunua boriti zilizokwisha kuungwa wasikubali kuuziwa rangi. Siku hizi kiungo kinazibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kinapigwa msasa na kupakwa rangi, na muuzaji anaapa ni mbao nzima. Kwangua rangi pande zote nne, ufuate nyuzi kwa macho. Kwenye kingo nyembamba, zikikatika ghafla kwa mstari unaokata unene moja kwa moja badala ya mshazari, au urefu wa mshazari haufiki hata mara 8 ya unene, mrudishie mzigo wake.