Kwenye kikundi cha hisabati, sikiliza nani anasema "kwa sababu"

Ukitakiwa kuandika tafakuri kuhusu kazi ya vikundi, anza na maneno ya wanafunzi kama yalivyotamkwa, nadharia ifuate. Mimi hukaa karibu na kikundi kimoja tu na kuandika wanachosema. Haya niliyanasa watoto wanne walipokuwa wakijumlisha 1/2 + 1/3:

"Juu kwa juu, chini kwa chini. Mbili ya tano."
"Ndiyo, 2/5."
"Lakini 2/5 si hata nusu. Tumeongeza, mbona imepungua?"
"Wewe andika tu."

Kwa mbali, kikundi hiki kilionekana mfano wa kuigwa: vichwa vimeinama pamoja, hakuna kelele. Neil Mercer, aliyechunguza sana mazungumzo ya darasani, anatofautisha mazungumzo ya kubishana, ya kukubaliana na kuongezeana, na ya kuchunguza, ambamo hoja hupimwa kwa sababu. Hapa wawili wa kwanza wanakubaliana tu. Uchunguzi unaanza kwenye sentensi ya tatu, na ya nne inauzima.

Tafakuri nyingi hukwama hapa kwa kuwaweka wanasaikolojia Bandura na Vygotsky kapu moja. Bandura anaeleza jinsi tunavyojifunza kwa kumtazama mwingine na kumwiga, na tunamwiga zaidi tunayemwona ana hadhi. Hilo linaeleza vizuri kwa nini 2/5 ilikubalika haraka: aliyeitamka ndiye anayesifika kwa hesabu. Kosa nalo huigwa. Vygotsky anatusaidia kuielewa sentensi ya tatu, maana kwake lugha ndiyo chombo cha kufikiri, na mtoto hufika mbali zaidi akisaidiwa na mwenzake anayejua zaidi. Ila anayejua zaidi si lazima awe yule mwenye alama za juu. Siku hiyo alikuwa mtoto mkimya.

Sikuwapa jibu. Nilimwomba yule aliyesema "andika tu" arudie hoja ya mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, kisha wachore mistatili miwili inayolingana na kuigawa. Vipande vya nusu na vya theluthi havikulingana ukubwa, wakalazimika kukata sita kila mstatili: 3/6 + 2/6 = 5/6. (Ningewakumbusha kanuni ya kutafuta asili moja wangemaliza mapema, na pingamizi lile lingepotea.)

Tangu hapo, kazi ya kikundi huwa na swali la kukadiria kwanza: jibu litazidi nusu au halitafika? Kila mmoja anaandika peke yake kabla hawajaanza kuzungumza, ili mwenye sauti asiwatangulie.

Jibu sahihi la kikundi halithibitishi kwamba wote wameelewa. Baadaye kila mmoja hufanya peke yake 1/4 + 2/5. Anayeandika 3/9 bado anatumia juu kwa juu, na hiyo 3/9 ni ndogo kuliko 2/5 aliyoanza nayo. Anayepata 13/20 namwuliza kwa nini amegawa ishirini. Wapo wanaonijibu, "Ndivyo tulivyofanya kwenye kikundi."