Mauzo moja, posti nne: sifa apewe nani?

Swali: "Wakuu, nipo Tanga, nauza madera mtandaoni. Mteja anakwambia kaniona TikTok, akaniona tena Instagram, halafu kaja kununua baada ya kuona stetasi yangu ya WhatsApp. Haya mauzo niyahesabu kwa nani? Wengine wanasema posti ya mwisho, wengine ya kwanza, wengine gawanya sawa kwa sawa. Ipi ya kuamini?"

Mkuu, mimi natengeneza vitanda vya mninga, karakana ipo Ngamiani. Kitanda cha 900,000 hakuna anayekinunua siku aliyokiona, kwa hiyo swali lako nimelala nalo sana. Nilianza kwa kuamini posti ya mwisho, na ilinitia hasara.

Nichukue mteja mmoja wa Muheza, alinihadithia mwenyewe tukipakia kitanda kwenye kirikuu. Siku 21 kabla ya kulipa aliona video ya fundi akipiga randa TikTok. Siku 14 kabla akaziona picha zetu Instagram. Siku 7 kabla akabofya tangazo letu la kulipia Facebook, tukahifadhiana namba. Siku ya kulipa akaona stetasi, akaandika "kipo hicho?"

Ukihesabu posti ya mwisho, stetasi inachukua 900,000 zote. Ukihesabu ya kwanza, zote ni za TikTok. Ukigawa sawa, kila moja 225,000. Kuna njia inayowapa wa kwanza na wa mwisho asilimia 40 kila mmoja na wa katikati wagawane 20 zilizobaki: hapo TikTok na stetasi wanapata 360,000 kila mmoja, Instagram na Facebook 90,000 kila mmoja. Na ipo ya kupunguza sifa kadiri siku zinavyorudi nyuma, kila siku 7 sifa inakatwa nusu. Hiyo inampa TikTok 60,000, Instagram 120,000, Facebook 240,000, stetasi 480,000.

Mteja ni yuleyule na pesa ni ileile, ila majibu ni matano. Na hakuna hata moja kati ya hayo lililotokana na kumchunguza mteja. Ile 40 na ile siku 7 ni kanuni alizojipangia mtu. Mwaka 2023 Google wenyewe waliziondoa hizo za posti ya kwanza, kugawa sawa, kupunguza kwa siku na ile ya 40 kwenye Google Analytics na Google Ads. Wakabakiza ya mwisho na ile ambayo mashine inajifunza kutoka kwenye data. Hiyo ya mashine inataka data nyingi, na stetasi yako haiioni kabisa, kwa hiyo sisi wadogo haitufai sana.

Sasa hasara yangu. Daftari langu la posti ya mwisho lilionyesha katika kila wateja 10, 7 wametoka stetasi. Nikaona TikTok inanipotezea muda, nikaacha kurekodi. Mwezi wa kwanza mauzo hayakuyumba, nikajiona mjanja. Mwezi wa pili namba ngeni zilizouliza bei zikapungua, na wa tatu karakana ikawa na vitanda viwili vimesimama. Stetasi inaonwa na watu ambao tayari mna namba za wenzenu. Haiwezi kumleta mgeni. Ni sawa na bodaboda aliyemshusha mteja mlangoni aseme yeye ndiye aliyemshawishi kutoka Korogwe.

Kosa la upande wa pili ni kuamini kila mtandao unavyojihesabia. Facebook, usipobadilisha mpangilio, inajiandikia tokeo ndani ya siku 7 baada ya mtu kubofya tangazo, au siku 1 baada ya kuliona tu. Mwingine angekuja hata bila tangazo, lakini kwa vile lilipita machoni pake, kahesabiwa. Mitandao miwili inaweza kumdai mteja mmoja, ukijumlisha unapata wateja wengi kuliko vitanda ulivyouza.

Swali lenye pesa ndani yake ni hili: nikiitoa hii posti, nitapoteza wateja wangapi? Hilo hulijui kwa kugawa sifa. Unalijua kwa kuitoa kweli, sehemu moja, na kuiacha sehemu nyingine.

Nilikuwa na tangazo la Facebook la Korogwe na jingine la Muheza, kila moja na bajeti yake. Wiki nne za mwanzo yote yakiwa hewani, namba ngeni zilizouliza bei zilikuwa 41 Korogwe na 38 Muheza. Wiki nne zilizofuata nikazima la Korogwe tu. Muheza wakaja 36, Korogwe 23. Kwa jinsi Muheza ilivyokwenda, Korogwe ningetegemea kama 39, kwa hiyo kuzima kumenikosesha watu 16.

Usishangilie hapo. Hesabu ndogo zinayumba zenyewe: idadi ya 36 inaweza kupanda au kushuka 6 hivi bila sababu yoyote (chukua kipeuo cha pili cha idadi, utapata kadirio la myumbo). Miji miwili, vipindi viwili, myumbo unajumlika, na 16 bado ingeweza kuwa bahati. Ndiyo maana nikageuza: nikawasha Korogwe, nikazima Muheza, wiki nne tena. Korogwe wakarudi 40, Muheza wakashuka hadi 21. Hapo ndipo nilipoamini. Na nilihesabu waulizaji, si wanunuzi, kwa sababu vitanda vitatu vinne kwa mwezi havikuambii kitu. Epuka pia kipindi kinachogusa Ramadhani au sikukuu, na usibadilishe bei katikati.

Linganisha sasa. Posti ya mwisho ilikuwa inaipa Facebook mteja 1 katika 10. Facebook yenyewe, zile wiki nne za mwanzo, ilidai watu 24 kati ya 41 wa Korogwe. Jaribio likasema 16. Tangu hapo Facebook ikidai 24 naandika 16, yaani theluthi mbili ya inachodai, na bajeti naipanga kwa hiyo. Nikibadilisha aina ya tangazo narudia jaribio, kwa sababu hiyo theluthi mbili ni ya tangazo lile, si ya Facebook milele.

Kwa siku za kawaida naweka daftari lenye safu mbili. Kila namba ngeni naiuliza "ulituona wapi mara ya kwanza?" na "leo nini kimekufanya utuandikie?" La pili wanajibu vizuri. La kwanza wanasahau, wengi watakwambia "Insta" hata kama walikuwa TikTok. Kwa hiyo kila mtandao naupa kiungo chake chenye ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naulizia%20kitanda%20T1
```

T1 ni TikTok, F1 ni Facebook. Hii inanasa mlango alioingilia tu, aliyoyaona kabla haiyajui.

Kwako wewe wa madera, kabla ya yote hesabu kitu kimoja: katika namba ngeni 50 za mwisho, ngapi zililipa siku ileile zilipokuona mara ya kwanza? Wateja wa namna hiyo wana posti moja tu, njia zote zitakupa jibu moja, na posti ya mwisho inatosha. Wakiwa wengi wanazunguka wiki mbili tatu kama wangu, hapo zima tangazo Muheza kwanza uone.