Printa kukwamakwama kwenye mviringo
"Nachapa chombo cha maua kupitia OctoPrint, bodi ya biti 8. Mistari iliyonyooka iko safi, kwenye mviringo kichwa kinashtukashtuka na kuacha vipele. Nimeshaweka G-code resolution 0 ili iwe laini, nifanyeje?"

Hiyo 0 ndiyo inayokuumiza, rudisha 0.0125 ya PrusaSlicer. Ukiweka 0, kila kipande kidogo cha modeli kinakuwa amri yake. Vipande vya mm 0.1 kwa spidi ya 60 mm/s ni amri 600 kwa sekunde. Kila amri ikiwa na herufi 30 hivi, hizo ni 18,000, na waya wa USB wa baud 115200 hupitisha kama 11,500 tu. Bodi inaishiwa na kazi, kichwa kinasubiri, plastiki inavuja: ndivyo vipele vyako. Kwa 0.0125, mviringo wa nusu kipenyo mm 20 hupata vipande vya mm 1 hivi, na jicho halioni tofauti.

Kupunguza spidi nako si kosa, ila utachapa usiku kucha bila sababu.

Arc fitting, yaani kutuma tao zima kwa amri moja ya G2 au G3, inasaidia zaidi, lakini kwanza tuma:

```
M115
```

Ukiona `Cap:ARCS:1`, iwashe. Ikiwa 0, usiiwashe. Bodi nyingi ndogo zilinyimwa G2 na G3 kubana nafasi.

Chapa faili hilohilo kutoka kwenye kadi pia. Likitoka safi, tatizo ni waya. Likikwama bado, huenda prosesa yenyewe imelemewa, na hapo tao halina uhakika, maana bodi hulikatakata upya yenyewe.