Nahitaji muda wa peke yangu, namwambiaje asione namkataa?

"Wakuu, kila nikimwambia mwenzangu naomba nipumzike kidogo peke yangu, ananuna, anasema simpendi tena. Nimwambieje?"

Mkuu, mimi naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi. Safari ya njia ya Machame ni siku 6 au 7 za kuongea na kusikiliza watu tangu alfajiri. Ninaposhuka geti la Mweka, sina hamu ya neno la mtu yeyote, na nyumbani mke wangu ana ya wiki nzima ya kunisimulia.

Kinachomuumiza mwenzako ni kutojua utarudi lini. "Naomba uniache kidogo" haina mwisho, kwa hiyo mwisho anaujaza yeye, na mtu mwenye hofu hujaza kibaya. Mpe saa.

Mimi humpigia nikiwa bado getini, kabla sijapanda gari: "Mke wangu, nimeshuka salama, nimekukumbuka sana. Kichwa kimechoka na kelele za watu. Nikifika nitaoga, nikae nyuma migombani mpaka saa 11, halafu nakuja tunywe chai unisimulie yote." Angalia mpangilio: kwanza anasikia kwamba amekumbukwa, kisha anajua kilichonichosha, na kwamba si yeye, mwisho anapewa saa. Maneno hayohayo ukiyasema akiwa katikati ya habari yake yatamkata tu, hata uwe mpole vipi. Kwa hiyo wahi.

Saa ikifika, nenda wewe. Usingoje akuite. Akishakuona umekuja mwenyewe mara kadhaa, ndipo ataanza kukuamini. Ukipitiliza hata mara moja bila kusema, atarudi kule kule kwenye hofu. Na akikufuata kabla ya muda, usimfokee. Mshike mkono, mwambie, "Saa 11 nakuja, mama," basi.

Simu nayo iangalie. Ukikaa peke yako huku unacheka kwenye makundi ya WhatsApp, ataona wengine wana nafasi yeye hana, na hapo atakuwa na haki. Mimi simu naiacha ndani, juu ya kabati, anaiona.

Mkiwa kwenye ugomvi hali ni tofauti kidogo. Mapigo ya moyo yakishapanda, mwili unahitaji kama dakika 20 au zaidi kutulia, mradi usizitumie kupanga utakavyomjibu. Mwambie, "Nataka tulimalize hili, ila sasa hivi nitasema vibaya. Nizunguke mtaani nusu saa, nikirudi tuendelee." Ukirudi, anza wewe kulitaja lile jambo, maana ukirudi kimya ukawasha televisheni, umemkimbia.

Kama aliwahi kuachwa na mtu aliyeanza kwa kunyamaza, hata saa mbili zitamtisha. Anza na nusu saa, yeye akiwa anajua upo chumba kipi, uongeze taratibu.

Ila kama ndani ya moyo unataka kuachana, usitumie maneno haya. Mwambie hilo lenyewe.