Usiweke (2+x)/(2-x) kwenye friza kabla hujaangalia namba ya chini

*"Wakuu, niko Tabora, natengeneza kidhibiti cha friza ya samaki kwa sensa ya NTC ya 10k. Nimeambiwa niache mfululizo wa e^x niweke (2+x)/(2-x), eti ni sahihi zaidi karibu na sifuri. Namba hizo zinapatikanaje? Memori ndogo itamudu? Na waya wa sensa uwe mrefu kiasi gani?"*

Mkuu, simama hapo hapo. Usichomeke kompresa.

Niko Kigoma. Mimi nilipewa sehemu hiyo hiyo, ndugu yangu, na mtu aliyenihakikishia kwamba "inashinda mfululizo siku zote". Siku zote! Hakuniuliza friza itafika nyuzi ngapi. Hakusema neno hata moja kuhusu asili, ile namba ya chini. Hadi leo nikikumbuka napandwa na hasira, kwa sababu alikuwa anaijua hesabu vizuri, ila alinipa nusu tu.

Programu yangu ilikuwa hivi:

```
y = B * (1/T - 1/T0);
lengo = (2 + y) / (2 - y);
if (R/R0 >= lengo) zimaKompresa();
```

B, namba ya sensa yenyewe, ni 3950, T0 ni 298.15, yaani nyuzi 25 kwa kelvini, na T ni joto ninalolitaka, nalo kwa kelvini. R ni ukinzani wa sensa kwa sasa, R0 ni ukinzani wake kwenye nyuzi 25, na lengo la kweli ni e^y. Ukinzani wa NTC hupanda baridi inapozidi, kwa hiyo R/R0 ikifika kwenye lengo, kompresa inazimwa. Nilijaribu kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 15: y ni 0.46, jibu la kweli 1.584, sehemu ikanipa 1.597. Nyuzi 10 ikanipa 2.08 badala ya 2.02. Nikaridhika. Nikaweka lengo la nyuzi -18, nikajaza migebuka niliyonunua mwaloni Kibirizi, nikafunga mlango nikaenda kulala.

Kwa nyuzi -18, y ni 2.23. Juu unapata 4.23, chini unapata -0.23. Lengo likawa -18.2, wakati jibu la kweli ni 9.3. Sasa ukinzani gani duniani uko chini ya sifuri? R/R0 yoyote ni kubwa kuliko -18.2, hivyo programu ikaona baridi imeshatosha tangu dakika ya kwanza. Kompresa haikuwaka hata mara moja. Asubuhi nilipofungua, harufu ilinipokea kabla ya samaki.

Na ingekuwa -12, ningeumia upande wa pili. Hapo y ni 1.877, lengo linakuwa 31.5 badala ya 6.5. Kufikia 31.5 kunataka baridi ya kama nyuzi -36.6, friza ya nyumbani haifiki huko, na kompresa ingezunguka bila kupumzika.

Sababu iko kwenye namna sehemu hiyo inavyopatikana. Unachukua 1 + x + x²/2, unazidisha kwa asili 1 + bx, kisha unalazimisha kipande cha x² kiwe sifuri: 1/2 + b = 0, kwa hiyo b ni -1/2. Kwenye x unabaki na 1 - 1/2, yaani 1/2, na hiyo ndiyo inayokaa juu: (1 + x/2)/(1 - x/2). Zidisha juu na chini kwa 2, unapata (2+x)/(2-x). Basi. Sehemu imejengwa kwa namba tatu za mfululizo pale sifuri: 1, 1 na 1/2. Kwenye 0.5 inatoa 1.667, mfululizo wa daraja la pili unatoa 1.625, kweli ni 1.649, kwa hiyo hapo imeshinda. Lakini kwenye 1 inatoa 3 na mfululizo 2.5, wakati kweli ni 2.718, imeshashindwa. Kwenye 2 asili inakuwa sifuri na jibu linalipuka, ingawa e^x yenyewe haina mlipuko popote.

Kwa hiyo kabla ya lolote, tafuta x inayoifanya asili iwe sifuri, halafu hesabu y ya baridi kali kuliko zote utakayoitumia. Kama sifuri hiyo iko ndani ya eneo lako, au karibu nalo, tupa sehemu hiyo.

Mimi sasa natumia (12 + 6x + x²)/(12 - 6x + x²). Asili yake haina sifuri ya namba halisi, kwa kuwa 36 - 48 ni hasi. Hata hivyo usiipe 2.23 nzima: inatoa 8.47, kosa la zaidi ya nyuzi moja na nusu. Gawa y kwa mbili, ipe 1.116, upate 3.046, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: 9.28. Kosa linashuka chini ya sehemu ya kumi ya nyuzi, kwa sababu umeirudisha x karibu na sifuri, mahali sehemu hizi zinapojua kazi yake.

Niandikie hapa B iliyo kwenye karatasi ya sensa yako na baridi ya mwisho unayoitaka, nikukokotolee y leo hii kabla hujanunua samaki.