Mistari kwenye video za kanda: usikuze picha kwanza

Swali: Habari fundi. Nimehamishia kwenye kompyuta kanda ya MiniDV ya harusi ya wazazi wangu. Watu wakicheza, mikono yao inatoka mistari kama meno ya kitana. Studio ya hapa mtaani wanasema niikuze kwanza iwe HD, eti mistari itaisha. Nifuate?

Jibu: Usithubutu, ndugu yangu. Ushauri huu naukuta kila mara na unaniudhi, kwa sababu faili likishakuzwa hivyo halirekebishiki.

Angalia ukuta nyuma ya wachezaji: hauna mistari. Kanda yako ni nzima. Kamera za mfumo wa video wa PAL, zilizotumika kwetu Afrika Mashariki, hupiga nusu-picha 50 kwa sekunde. Moja hubeba mistari witiri, inayofuata mistari shufwa, kisha mbili hizo huwekwa pamoja katika fremu moja ya mistari 576. Ukuta haukusogea kati ya nusu hizo, lakini mkono ulisogea. Programu huzitenganisha kwa kufuata zamu hiyo ya mstari kwa mstari. Ukikuza 576 kuwa 1080 kabla ya hapo, kila mstari mpya unachanganya mistari ya nusu zote mbili, na zamu inapotea kabisa.

Kwa hiyo tenganisha kwanza, ukuze baadaye, kwa amri hii ya programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field:parity=bff,scale=1440:1080,setsar=1" -c:v libx264 -crf 17 -c:a aac harusi.mp4
```

Vipimo hivi ni vya picha ya 4:3. Neno `send_field` hugeuza kila nusu-picha kuwa fremu kamili, hivyo unapata fremu 50 kwa sekunde. Mafundi wengi huishia 25, wanatupa nusu ya mwendo, halafu wanamwambia mteja kwamba video za zamani ndivyo zilivyo. Sivyo. Kwenye runinga ya zamani ngoma ile ilionekana laini, na kwa 50 itabaki laini.

Herufi `bff` ni kwa sababu DV huanza na nusu-picha ya mistari shufwa, iitwayo ya chini. Video za VHS zilizopitia kadi ya kunasa mara nyingi huanza na ya juu, yaani `tff`. Pitisha sekunde chache za mtu anayetembea, uzitazame fremu moja moja. Akienda mbele, akarudi nyuma kidogo, akaenda mbele tena, umekosea mpangilio; badilisha.

Na wote mnaopeleka kanda studio: msikubali kupewa MP4 pekee. Daini AVI ya DV kama ilivyotoka kwenye kanda, takriban GB 13 kwa saa moja. Wakikupa MP4 ya HD yenye mistari ndani yake, usihangaike na programu yoyote inayodai kuisafisha, maana itaipaka ukungu tu. Rudi kwenye kanda uinase upya, na usiitupe hata ukishapata faili zuri.