Hasira simu ya nyumbani inapoita

"Nafanya kazi kiwanda cha minofu hapa Mwanza, nalipwa 300,000. Watu saba kule Ukerewe wananitegemea. Simu ya nyumbani ikiita nakasirika, halafu naona aibu kwa kukasirika."

Mdogo wangu, nadhani hasira yako haitokani na kutoa. Inatokana na kuombwa bila kikomo: kila simu inakulazimu uamue upya, na ukisema "sina" huku unayo, aibu inazaliwa hapo hapo.

Weka kiwango. Mfano: chumba 50,000, chakula na daladala 120,000. Zinabaki 130,000. Mshahara ukiingia, tuma 80,000 kwa mama kwa mkupuo mmoja, agawe yeye. Kutuma kidogo kidogo makato yanakula. Weka 20,000 ya dharura, na 30,000 ni yako, usiiombee radhi.

Mweleze mama kwanza, ana kwa ana ukivuka na kivuko, kabla wadogo zako hawajasikia. Mtajie kiasi na tarehe. Mwingine akiomba, jibu: "Ya mwezi huu iko kwa mama." Miezi ya mwanzo watanung'unika, hata kukuita mchoyo. Usibadilishe kiasi kwa sababu ya maneno. Ukitokea ugonjwa ndipo utoe ile ya dharura.

Usikope mikopo ya simu ili utume nyumbani. Ukikosa usingizi wiki mbili, ukilewa ili usahau, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali ya Bugando uonane na mtaalamu wa afya ya akili. Kwa wazo la kujidhuru, nenda leo, na mtu wa kukusindikiza.